Meya Aliyefariki kwa Mujibu wa Kanuni ya Sita

Nchi yetu haina ubaya wowote, ndiyo maana sitaitaja jina. Wanaoishi ndani yake wanaijua, na wasioishi ndani yake wasije wakatuonea wivu. Nitautaja mji tu, mji wa Mapojo, kwa kuwa Baraza lake limenipa kibali cha mdomo, na mimi ni mtangazaji wake. Kazi yangu ni kupita mitaani juu ya gari la taka nikiwa na kipaza sauti, nikiwasomea wananchi mambo ambayo Baraza limekwisha kuyaamua ili wapate kuyatolea maoni.

Mwaka ule Mapojo ilipata soko jipya. Lilikuwa soko zuri kweli. Paa la bati la buluu, meza za zege zenye vigae, mabomba yanayotoa maji, vyoo vyenye milango, na milango yenyewe ina vitasa. Lilikuwa na kila kitu isipokuwa watu, kwa sababu lilikuwa limefungwa kwa kufuli. Fomu ya leseni ya meza ina mstari unaosema "Jina la Soko," na mstari huo ulikuwa hauna cha kuandikwa. Bila jina hakuna fomu, bila fomu hakuna leseni, na bila leseni hakuna meza. Wafanyabiashara wakabaki kuuza ng'ambo ya barabara, kwenye tope, wakilitazama soko lao kupitia uzio wa waya huku mawingu ya masika yakijikusanya. Baraza liliwaonea huruma likaweka askari wawili getini, wasije wakaingia na kujiumiza kwa kuuza mahali pasipo na jina.

Siku moja alikuja ofisini Bi Zamoyoni, muuza dagaa na mwenyekiti wa umoja wa wafanyabiashara. Ni mama mnene kiasi, mpole, anayeongea taratibu kama anayepima maneno kwa kisado.

"Baba," alimwambia Katibu wa Baraza, "si mngeandika tu Soko Jipya, watu tukaingia?"

"Na litakapozeeka?" aliuliza Katibu.

Bi Zamoyoni akarudi kwenye dagaa wake.

Katibu huyo ni Bwana Eliamani Shosi, mtu mwembamba anayezipenda kanuni kama wengine wanavyopenda wajukuu. Usiku hulala vizuri akijua kila jambo lina kifungu chake. Ndiye aliyeandaa barua ya kuwaalika wakazi wapendekeze jina. Aliipeleka kwa Mstahiki Meya, Bwana Sospeter Ndulumo, ambaye wakati huo alikuwa anaongea na simu akimweleza mtu jinsi anavyochapa kazi. Mstahiki alitia sahihi bila kukata simu. Kesho yake nilipanda juu ya gari la taka nikaisoma mtaa kwa mtaa, na mpaka leo naikumbuka:

BARAZA LA MJI WA MAPOJO

Kwa wakazi wote.

YAH: MAPENDEKEZO YA JINA LA SOKO JIPYA LA UMMA

Rejea kichwa cha habari hapo juu. Baraza, katika kikao chake cha kawaida, liliazimia kuwaalika wakazi kupendekeza jina la soko jipya lililopo Mtaa wa Bondeni, kwa kuzingatia kanuni zifuatazo:

1. Mpendekezaji awe mkazi wa Mji mwenye umri wa miaka kumi na minane au zaidi. Kila mkazi atapendekeza jina moja tu.

2. Madiwani, watumishi wa Baraza na jamaa zao wa karibu hawaruhusiwi kupendekeza.

3. Pendekezo liandikwe kwa hati inayosomeka, lionyeshe jina kamili la mpendekezaji, mtaa wake na namba ya simu, na lieleze sababu za jina hilo kwa maneno yasiyozidi mia mbili.

4. Jina liwe rahisi kutamka, lisizidi maneno manne, na lisiwe tusi, jina la chama cha siasa wala la bidhaa.

5. Jina lisiwe limekwisha kutumika kwa mahali pengine pa umma ndani ya Mji.

6. Jina la mtu litapokelewa endapo mtu huyo amefariki dunia na aliutumikia Mji. Pendekezo liambatane na nakala ya cheti cha kifo na ridhaa ya maandishi ya familia.

7. Mapendekezo yawasilishwe mapokezi, yakaguliwe viambatanisho, kisha yatumbukizwe kwenye sanduku lililofungwa kwa lakiri, kabla ya saa tisa na nusu alasiri ya siku ya mwisho ya mwezi huu. Yatakayochelewa hayatafunguliwa.

8. Kamati ya Majina itachuja na kubakiza majina matatu. Wingi wa waliopendekeza jina moja si kigezo. Jina litapimwa kwa sababu zake.

9. Majina hayo yatabandikwa kwenye mbao za matangazo kwa siku kumi na nne. Mkazi mwenye pingamizi aliwasilishe kwa maandishi pamoja na ushahidi. Mapingamizi yakishasikilizwa, Baraza zima litapiga kura.

10. Hakuna zawadi ya fedha. Mshindi atapewa cheti na mwaliko wa ufunguzi.

11. Kanuni hizi hazitabadilishwa baada ya barua hii kutolewa.

Nawatakia ushiriki mwema.

S. Ndulumo, Mstahiki Meya.

Wananchi waliipokea barua kwa furaha, maana ilikuwa mara ya kwanza Baraza kuwauliza jambo ambalo halijajengwa juu ya kiwanja cha mtu. Watu walisimama foleni mapokezi. Fundi mmoja wa redio alipendekeza jina la mkewe wa zamani, akarudishwa kwa kanuni ya sita na ya nne kwa pamoja. Mzee mmoja alipendekeza "Soko Ambalo Tulidhani Hatutaliona Tukiwa Hai," akaombwa apunguze maneno. Bi Zamoyoni na wenzake walikaa juu ya magunia, wakabishana siku nzima, wakakubaliana juu ya Soko la Bi Kinyasi.

Bi Kinyasi alikuwa muuza uji. Yeye ndiye aliyetandika mkeka wa kwanza pale Bondeni wakati Mapojo ni njia panda yenye mbuzi wawili. Aliyekuwa hana kitu alikunywa uji wake kwanza, malipo yakaja siku yakija. Alikuwa amekufa kwa kawaida tu, kama watu wanavyokufa, na cheti chake kilikuwepo. Binti yake aliandika ridhaa kwa mistari miwili. Karani wa mapokezi alikagua, akaridhika, karatasi ikaingia sandukuni.

Tatizo lilikuwa kwenye jina jingine. Watendaji wa kata walikuwa wamewashauri wakazi, kwa hiari isiyokataliwa, wapendekeze Soko la Ndulumo. Wakazi waliandika, na sababu zao zilikuwa nzito. Mmoja aliandika kwamba Mstahiki ndiye aliyeleta mvua. Mwingine aliandika kwamba ameambiwa aandike. Karani wa mapokezi aliwarudisha wote, mmoja baada ya mwingine, na wa mwisho kurudishwa alikuwa kinyozi wa Mstahiki mwenyewe.

Mstahiki alimwita Katibu. Nilikuwepo, nimekuja kuomba betri za kipaza sauti.

"Shosi, nasikia jina langu linakataliwa mapokezi."

"Halikataliwi, Mstahiki. Linarudishwa."

"Kwa sababu gani?"

"Kwa sababu uko hai."

Mstahiki alijitazama, kama anayehakikisha. "Nani kaandika kanuni hiyo?"

"Niliiandaa mimi, ukaisaini wewe."

"Ibadilishe."

"Kanuni ya kumi na moja hairuhusu."

"Basi ibadilishe hiyo ya kumi na moja."

"Nayo ni mojawapo ya kanuni hizi, Mstahiki. Inajilinda."

Mstahiki Ndulumo alisogea dirishani. Kutoka pale alikuwa analiona lile paa la buluu, na nakwambia alilitazama kwa mapenzi ambayo sijawahi kuyaona kwa mtu anayetazama bati. Si mtu mbaya. Baba yake alikuwa akiitwa "wewe" na watu wote maisha yake yote, naye aliapa tangu utotoni kwamba jina lake litaandikwa mahali ambapo mvua haifiki.

"Shosi," alisema polepole, "sasa mtu mwenye sifa kama zangu afanye nini?"

"Afariki, Mstahiki," alijibu Katibu, bila utovu wowote wa adabu. "Kisha alete cheti."

Mstahiki aligeuka, na uso wake ulikuwa uking'aa.

"Kanuni inasema afariki. Haisemi afariki kiasi gani."

Katibu Shosi alivaa miwani, akaisoma tena kanuni ya sita, akaisoma mara nyingine. Nchi yetu, ambayo siitaji, ina kifungu kwa kila jambo, na kwenye rafu ya chini alikikuta: kifo cha kiutawala. Kilitungwa zamani kwa ajili ya watu waliopotea porini, na hakikuwa kimesema kwamba wakishapotea wasiwepo. Ikaamuliwa kwamba Mstahiki Meya afe kwa madhumuni ya kanuni ya sita pekee, na kwa mambo mengine aendelee kama kawaida.

Walikwenda kwa Msajili wa Vizazi na Vifo wakiwa na barua ya mwenyekiti wa mtaa. Mstahiki alikaa kwenye benchi kusubiri cheti chake.

"Marehemu amefariki lini?" aliuliza Msajili.

"Leo asubuhi," alijibu Mstahiki, "baada ya chai."

"Sababu ya kifo?"

"Andika mapenzi kwa wananchi."

Msajili alipitisha kidole kwenye orodha yake. "Hiyo haimo. Kuna malaria, ajali, presha, na mengineyo."

"Presha basi. Lakini iwe imetokana na mapenzi kwa wananchi."

Msajili aliandika presha. Akaeleza kwamba cheti hakitoki bila kibali cha mazishi, na kibali cha mazishi hakitoki bila mazishi. Ilibidi azikwe.

Kabla ya hapo ilihitajika ridhaa ya familia. Mkewe, Bi Perpetua, ni mwanamke mrefu mwenye sauti tulivu, ambaye kwa miaka yote ya umeya alikuwa akipata habari za mumewe kutoka kwangu, nikipita na gari la taka. Aliisoma karatasi ya ridhaa akiwa amesimama.

"Nikitia sahihi hapa, mimi ni mjane?"

"Kwa madhumuni ya kanuni ya sita pekee," alisema Mstahiki.

"Mjane hurithi?"

"Kwa madhumuni ya kanuni ya..."

Alikuwa ameshatia sahihi, na chini yake akaandika tarehe kwa mwandiko wa kupendeza sana.

Mazishi yalifana. Niliyatangaza mwenyewe, na nilipofika kwenye neno "marehemu" sauti ilinitetemeka kwa heshima, ingawa aliyenishikia betri alikuwa Mstahiki. Jeneza lilibeba suti yake nzuri kuliko zote pamoja na picha yake iliyokuwa ofisini, kwa kuwa Msajili alisisitiza kiwepo kitu cha kuzikwa. Mstahiki alikaa mstari wa tatu, maana wa kwanza ulikuwa wa familia na wa pili wa viongozi walio hai.

Naibu Meya, Bwana Lupembe, alisoma wasifu. Huyu ni mtu mwenye shingo fupi na subira ndefu. Alikuwa naibu kwa muda mrefu kiasi kwamba alikuwa amezoea kuketi nusu ya kiti. Siku hiyo alilia machozi ya kweli, na mpaka sasa watu wanajadili yalikuwa ya nini.

"Marehemu alijenga barabara ya Bondeni," alisema Bwana Lupembe.

"Na daraja," alisema Mstahiki kutoka mstari wa tatu.

"Marehemu alipenda kusikiliza zaidi kuliko kusema."

"Taja na daraja, Lupembe."

Mshereheshaji alishika kipaza sauti. "Tunamwomba marehemu atulie, tunakwenda na ratiba."

Mstahiki alitulia. Aliyasikia mengi mazuri siku ile. Alisikia kwamba hakuwahi kula cha mtu, kwamba wagonjwa walipona wakimwona, kwamba mji umebaki yatima. Nilikuwa nimeketi kando yake; aliniinamia akaninong'oneza, macho yamelowa, kwamba hakujua kama alikuwa mtu mkubwa namna ile, na kwamba angejua angekufa mapema.

Cheti kikatoka. Kinyozi akawasilisha pendekezo likiwa na viambatanisho vyote, karani wa mapokezi akaridhika, sanduku likafungwa saa tisa na nusu, na watu wawili waliofika saa tisa na dakika thelathini na moja wakarudishwa nyumbani. Kamati ya Majina ilifungua lakiri mbele ya mashahidi, ikasoma sababu, ikabakiza majina matatu na kuyabandika: Soko la Ndulumo, Soko la Bi Kinyasi na Soko la Maendeleo. Mchoraji wa mabango, kijana mwepesi wa kutumaini, alipanda ngazi akaanza kuandika juu ya geti kabla ya kuambiwa.

Jumatatu Mstahiki Ndulumo alivaa shati, kwa kuwa suti aliyoipenda ilikuwa kaburini, akaenda kazini. Askari wa mlangoni alimpigia saluti, kisha akamzuia.

"Samahani, Mstahiki Marehemu. Nimeagizwa marehemu wasipite mbele."

Ndani, Bwana Lupembe alikuwa amekaa kwenye kiti cha umeya. Alikuwa amekikalia chote.

"Sheria ni fupi, kaka," alisema kwa huzuni. "Meya akifariki, kiti ni wazi siku hiyohiyo, na naibu anakaimu hadi uchaguzi. Hata mimi imeniuma."

"Lakini nimekufa kwa ajili ya kanuni ya sita tu!"

Bwana Lupembe alimsogezea nakala ya cheti. "Nionyeshe hapa palipoandikwa tu."

Hapakuwa pameandikwa. Mstahiki alikwenda benki, akaambiwa fedha zake zinamsubiri mjane. Alikwenda nyumbani, akakuta gari halipo, na sebuleni kina mama waliokuja kufariji wanakula kuku. Bi Perpetua alikuwa amevaa nyeusi iliyomkaa vizuri.

"Perpetua, gari liko wapi?"

"Nimeliuza. Kila nikiliona lilikuwa linanikumbusha marehemu." Kisha akamkatia kipande cha kuku, maana hakuwa mkatili, akamwomba akale jikoni asije akawatisha wageni.

Jioni ile Mstahiki alimfuata Katibu Shosi nyumbani kwake na kumwomba amfufue. Katibu alimhurumia sana. Alimtafutia kifungu mpaka chai ikapoa.

"Njia ni moja, ya kanuni ya tisa. Jina lako likipingwa kwa ushahidi kwamba uko hai, Kamati italazimika kutoa uamuzi kuhusu uhai wako."

"Nipe karatasi niandike."

"Pingamizi huletwa na mkazi, Mstahiki. Wewe umefutwa kwenye rejista ya wakazi. Mkeo naye hawezi kupinga alichokiridhia."

Mstahiki aliwazungukia madiwani. Mmoja alikuwa amesafiri, mwingine alikuwa anajiandaa kusafiri, wa tatu alimsikiliza vizuri mpaka mwisho halafu akamwomba amsalimie babu yake huko aliko. Kila aliyemwendea alikuwa na matumaini ya kupanda ngazi moja, na ngazi yenyewe ilikuwa imeegemezwa kwenye kaburi lake. Wananchi waliolia mazishini walipomwona barabarani walivuka upande wa pili.

Siku ya kumi na tatu ya kubandikwa majina, mvua ya kwanza ya masika ilishuka. Ilishuka juu ya lile paa la buluu, ikateremka kwenye mifereji mizuri ya lile soko tupu, ikavuka barabara na kuwaingia wafanyabiashara miguuni. Mstahiki alifika pale akiwa na kandambili, shati limemganda mgongoni. Bi Zamoyoni alikuwa anapigana na upepo, turubai linataka kuondoka na dagaa wote.

"Wewe si marehemu?" aliuliza.

"Ndiyo maana nimekuja, mama."

"Shika upande huo kwanza."

Alishika. Upepo ulivuta, naye akavuta. Alisimama kwenye tope linalofika kwenye vifundo, ameinua mikono miwili kama nguzo ya hema. Hakukuwa na mpiga picha. Mvua ilipopungua, mikono yake ilikuwa haishuki, Bi Zamoyoni akamsaidia kuishusha mmoja mmoja.

"Kila mvua iko hivi?" aliuliza Mstahiki.

"Hii ni ndogo. Sasa niambie unalotaka."

Alimweleza yote. Alimweleza na lile alilolinong'ona mstari wa tatu mazishini. Bi Zamoyoni alisikiliza huku akigeuza dagaa.

"Jina lako likitoka, ukweli ni kwamba letu linapata nafasi," alisema. "Kwa hiyo usije ukasema nimekuonea huruma tu."

"Sitasema, mama."

"Lakini na huruma imo." Akaomba kalamu kwa muuza vitunguu, akaandika kwa hati inayosomeka: *Mimi Zamoyoni binti Saidi, mkazi wa Bondeni, napinga jina la Soko la Ndulumo kwa sababu Ndulumo yuko hai. Ushahidi: ninaye hapa, amenishikia turubai.*

Alilifikisha pingamizi hilo kwa Katibu kesho yake, ikiwa siku ya mwisho, na ushahidi ukiwa umefuatana naye kwa miguu.

Shauri lilisikilizwa ukumbini mbele ya Baraza zima. Katibu alisoma pingamizi. Bwana Lupembe, Kaimu Meya, aliinuka taratibu. Alikuwa amejifunza kuinuka.

"Waheshimiwa, hatuna haraka ya kumtoa mtu mahali pema. Marehemu, hebu fikiri. Ukibaki ulivyo, jina lako linakaa juu ya geti milele. Tutakujengea sanamu, yenye suti. Tutakuwa na Siku ya Ndulumo, shule zitafungwa, watoto wataimba. Ukisema uko hai, hupati lolote katika hayo. Mimi nakushauri kama mtu niliyekulilia."

Ukumbi mzima ulimtazama Mstahiki. Yeye alikuwa anatazama nje, kupitia dirisha, ambako mchoraji alikuwa amefika kwenye SOKO LA NDULU, kwa herufi nyekundu zenye kivuli cha manjano. Niliona midomo yake ikizisoma. Alizisoma tena. Zilikuwa zimebaki herufi mbili tu, na hakika zilikuwa herufi nzuri.

Chini ya herufi hizo, ng'ambo ya barabara, watu walikuwa wanachota maji kwa sufuria kutoka kwenye magunia yao ya mchele.

Ndipo alipopiga chafya. Ilikuwa chafya kubwa, ya mtu aliyelowa tangu juzi.

"Iandikwe," alisema Katibu Shosi akiandika. "Ushahidi namba mbili: marehemu amepiga chafya."

"Chafya si uthibitisho," alisema Bwana Lupembe. "Aulizwe mwenyewe. Je, marehemu unakubali kwamba uko hai?"

Mstahiki alipangusa pua.

"Niko hai," alisema. "Niko hai, na mafua ninayo. Fungueni soko, watu wananyeshewa."

Jina la Soko la Ndulumo likaondolewa kwa kanuni ya sita. Soko la Maendeleo likaondolewa kwa kanuni ya tano, baada ya kugundulika kwamba mjini kuna shule ya Maendeleo, zahanati ya Maendeleo, mtaa wa Maendeleo na choo cha kulipia cha Maendeleo. Baraza lilipigia kura jina moja lililobaki, na kwa kuwa lilikuwa moja, mjadala uliendelea mpaka saa kumi na mbili. Soko la Bi Kinyasi likapita. Mchoraji akashuka, akachukua mafuta ya taa na kitambaa, akapanda tena.

Likabaki suala la aliyefufuka. Kifungu cha kifo cha kiutawala hakikuwa na njia ya kurudi. Msajili alipekua kitabu chake chote akakuta njia moja tu ya kumwingiza mtu mpya kwenye rejista, nayo ni kuzaliwa. Akamwandikia cheti cha kuzaliwa, tarehe ya siku ile, uzito haukupimwa. Bwana Lupembe alimpongeza kwa kumbusu kwenye paji la uso, kisha akasoma sheria ya uchaguzi, inayosema kwamba mgombea wa kiti cha umeya awe ametimiza miaka ishirini na mmoja. Akasema Baraza litamsubiri kwa hamu.

Soko lilifunguliwa wiki iliyofuata. Nilitangaza mpaka sauti ikakauka. Binti wa Bi Kinyasi alikata utepe akalia kidogo, Bi Zamoyoni alipewa cheti chake cha mshindi akakitumia kufungia dagaa wa kwanza kwa bahati mbaya, na watu waliingia wakikimbia, wakipigapiga vigae kwa viganja kama wanaohakikisha ng'ombe wa mahari. Fomu zilijazwa. Mstari ule sasa ulikuwa na cha kuandikwa.

Ndulumo naye aliomba meza, akanyimwa kwa umri. Leseni haitolewi kwa mtu wa chini ya miaka kumi na minane. Bi Zamoyoni akamchukua kwenye meza yake, amsaidie kupima. Ilihitajika ruhusa ya mlezi, na Bi Perpetua akaitoa.

Nilipita pale juzi kununua mboga. Alikuwa amefunga aproni, amenenepa kidogo, anabishana na mteja.

"Marehemu, hiki kisado hakijajaa," alisema mteja.

"Kimejaa, dada. Kinaonekana hivyo kwa sababu dagaa wamelala." Halafu akaongeza kiganja kimoja, na kingine.

Bi Perpetua akatokea kati ya meza za nyanya, hana tena nguo nyeusi, kikapu mkononi. Alichagua dagaa taratibu, akapunguziwa bei baada ya mvutano mrefu ambao wote wawili walikuwa wanaufurahia waziwazi. Akalipa. Kisha akatazama jua lilivyoteremka upande wa paa la buluu.

"Funga meza twende," alimwambia. "Watoto wanatakiwa wawe nyumbani kabla ya magharibi."

Ndulumo alivua aproni, akamuaga Bi Zamoyoni kwa shikamoo, akachukua kikapu, akamfuata.